Mtoto anataka mbwa, mama hataki: zigawe kwanza saa za siku

"Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kwanza ana miaka 10, yuko darasa la 5, ananililia mbwa tangu Krismasi. Jirani ana watoto wa mbwa wa wiki 6, anatugawia bure. Mke wangu hataki hata kusikia, anasema 'mbwa wa mtoto, kazi ya mama'. Yeye anashona hapahapa nyumbani, Pasua, na tuna mtoto mwingine wa miaka 3. Mimi natoka saa 11 na nusu alfajiri kwenda Himo, narudi saa 2 usiku. Mtoto anaapa atamhudumia mwenyewe. Nimkubalie?" – Baba Wawili, Moshi

Marahaba, Baba Wawili. Huyo wa jirani, hapana. Mbwa mkubwa aliyekwisha kukomaa, inawezekana, ila si mwezi huu, na si kabla mke wako hajayaona masharti yaliyoandikwa. Nitakueleza kwa nini mmoja hapana na mwingine labda, maana watu wengi hudhani mtoto wa mbwa ndiye rahisi kwa kuwa ni mdogo. Kwa nyumba yenu mambo ni kinyume kabisa.

Kwanza, wiki 6 ni mapema. Mtoto wa mbwa abaki na mama yake na ndugu zake mpaka wiki 8 angalau. Katika hizo wiki 2 za mwisho ndipo anapojifunza kupunguza nguvu ya meno: akimuuma mwenzake sana, mwenzake analia na mchezo unakatika. Anayeondolewa kabla ya hapo huja kujifunzia somo hilo kwenye vidole vya watoto wako. Lakini tuseme jirani anakubali kumtunza hizo wiki 2, kisha anawaletea. Hebu tuhesabu siku moja ya kawaida, Jumanne, shule zimefunguliwa.

Mtoto wa mbwa wa miezi 2 hula mara 4 kwa siku, kwa sababu tumbo lake ni dogo na hawezi kubeba chakula cha siku nzima kwa mlo mmoja. Tuseme saa 12 asubuhi, saa 5, saa 9 alasiri na saa 1 usiku. Kukojoa ni hesabu nyingine. Mchana, kwa makadirio ya wafugaji, mtoto wa mbwa hujizuia kwa saa zinazolingana na umri wake kwa miezi, kwa hiyo wa miezi 2 ni saa 2 au zaidi kidogo. Tena kila akiamka, na kila baada ya kula, ndani ya dakika 5 hadi 20 atataka kutoka. Ukitaka ajifunze kwenda nje, si sebuleni, lazima mtu amtoe, asimame naye mpaka amalize, amsifu palepale, amrudishe. Kwa uchache kabisa huko ni kutolewa mara 8 kwa siku. Milo 4 na kutolewa mara 8, jumla kazi 12.

Sasa weka majina. Mwanao anamtoa kabla ya shule, anampa mlo wa saa 12, halafu basi linampitia. Jioni akirudi saa 11 anamtoa, saa 1 usiku anamlisha, akishakula anamtoa tena. Hizo ni kazi 5, na tumemhesabu kama mtoto asiyechoka, asiyeugua, asiyebaki tuisheni. Wewe unamtoa saa 4 usiku kabla ya kulala na tena saa 8 za usiku, kisha saa 11 na nusu unaondoka. Kazi 2. Zilizobaki ni mlo wa saa 5, mlo wa saa 9, kumtoa baada ya kila mmoja wa hiyo milo, na kumtoa saa 3 asubuhi. Kazi 5, na mtu mzima pekee aliyepo nyumbani saa hizo ni mke wako, akiwa kwenye cherehani, na wa miaka 3 miguuni.

Kwa hiyo hata mwanao akitimiza kiapo chake chote bila kukosa siku moja, mama anabeba kazi 5 kati ya 12. Siku ya tuisheni anabeba 6. Na sijahesabu dimbwi la mkojo chini ya meza ya kukatia vitambaa, wala kitambaa cha mteja kilichotafunwa. Mke wako hajasema hampendi mbwa. Amepiga hesabu hii kichwani kabla yenu nyote, na imetoka sawasawa.

Hali hii huchukua muda gani? Milo 4 hushuka kuwa 3 kwenye miezi 4 hivi, na 2 akifika miezi 6. Kujizuia mkojo mchana kutwa usitegemee kabla ya miezi 6. Ni karibu muhula wote wa shule. Mtoto wa miaka 10 hasemi uongo anapoapa. Tatizo ni kwamba anaapa kwa niaba ya saa ambazo hayupo.

Mbwa wa mwaka mmoja na nusu au miaka 2 ana ratiba nyingine kabisa. Anakula mara 2, asubuhi na jioni. Kwenye uwanja wenye uzio anajisaidia mwenyewe, hahitaji kutolewa. Ukimpa milo yake saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kati ya saa 1 asubuhi na saa 11 jioni hakuna kazi ya lazima isipokuwa kuhakikisha maji yapo. Bakuli zito la lita 2 au 3 lililowekwa kivulini linamtosha mbwa wa kilo 15 mchana mzima, hata joto la Februari. Kwa maneno mengine, kazi zote zinaweza kukaa kwenye saa za mtoto na za kwako. Hilo ndilo ninaloliita "labda".

Mbwa mkubwa ana faida nyingine ambayo kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 3 ni kubwa kuliko zote: tabia yake inaonekana. Mtoto wa mbwa unamchukua kwa kubahatisha. Huyu unamtembelea kwa mwenye naye mara 3, siku tofauti, na watoto wote wawili. Tazama anafanyaje mtoto anapokimbia, anapolia, anapoangusha kitu. Mwombe mwenyewe amwekee chakula, kisha wewe (si mtoto) upite hatua 3 kutoka kwenye bakuli. Anayeendelea kula huku mkia umelegea, vizuri. Anayekakamaa shingo, anayekula harakaharaka huku jicho la pembeni limekutazama mpaka weupe wake unaonekana, huyo mwache, hata kama mwanao amekwisha kumpa jina. Na ulize amekuwa akikaaje. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku kwa ulinzi, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi hapa kwetu, mara nyingi huwa mkali kwa watoto anaowaona wakipita mbali bila kuwafikia.

Wa kienyeji wa kilo 12 hadi 18 anawatosha. Msihangaike na majina ya kizungu, miili mikubwa ina matumbo makubwa. Akiwa jike, afungwe kizazi kabla hajaingia kwenu au mara tu baada ya kuja. Jike asiyefungwa huingia joto karibu mara 2 kwa mwaka, kila mara kama wiki 2 hadi 3, na wakati huo madume ya mtaa mzima yatalala kwenye geti lenu. Miongoni mwao mtakuwa hamjui yupi amechanjwa.

Tukija kwenye chakula, ndipo ugomvi wa pili ulipo, na hutokea jikoni. Mbwa wa kilo 15 anashiba kwa siku na gramu 150 hivi za unga wa dona, uliopikwa ugali laini, pamoja na dagaa wakavu wasio na chumvi gramu 70, na kijiko kikubwa cha mafuta. Gawanya mara mbili. Kwa mwezi ni kilo 4 na nusu za unga, kilo 2 na kidogo za dagaa, na karibu nusu lita ya mafuta. Zidisha kwa bei ya soko la Mbuyuni Jumamosi hii, upate tarakimu yako mwenyewe, kisha hiyo fedha itoke mfukoni mwako kila mwezi, si kwenye fedha ya meza anayoshika mama. Mara moja kwa wiki mtupie kipande cha ini kilichochemshwa. Vitunguu usiweke, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti, isimfikie.

Kosa moja la hapa kwetu nalitaja kwa jina lake: unga ulioota ukungu, au pumba zilizoloa masika, kupewa mbwa kwa kuwa "watu hawawezi kula". Mbwa anaathirika na sumu ya ukungu wa mahindi upesi mno. Dalili ni kukataa chakula, kutapika, fizi na macho kuwa ya njano, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Kisichofaa kwa mtoto wako wa miaka 3 hakimfai na mbwa.

Halafu sufuria. Mbwa awe na sufuria yake, mwiko wake na kamba ya kusugulia yake, vikae nje au stoo. Chakula cha siku 1 kipikwe jioni kwa mara moja: nusu inaliwa saa 12 jioni, nusu inafunikwa mpaka asubuhi. Nani anapika? Mtoto wa miaka 10 asiachiwe sufuria ya ugali unaochemka peke yake. Na wewe saa 12 jioni uko njiani kutoka Himo. Hapa ndipo mpango wenu unapovuja, na afadhali uuone sasa. Dawa yake ni wewe upike usiku ukirudi, saa 2 na nusu, chakula cha kesho yote. Mtoto asubuhi na jioni anapakua tu. Dakika 20 kila usiku, wewe, si mama. Kama umesoma sentensi hiyo ukaguna, basi jibu lako umelipata.

Kinyesi ni kazi ambayo mtoto ataikimbia kwanza, na ndiyo isiyokubali kuahirishwa, kwa ajili ya mdogo wake. Mbwa hubeba minyoo ya mviringo ambayo mayai yake hutoka na kinyesi. Yakitoka leo hayaambukizi leo. Yanahitaji kama wiki 2 au zaidi kwenye udongo ndipo yakomae, na yakishakomaa hubaki humo kwa miezi mingi. Mtoto wa miaka 3 anayecheza mchanga na kutia vidole mdomoni ndiye anayeyameza. Kinyesi kikiondolewa kila siku, mayai yanaondoka kabla hayajakomaa. Kikiachwa mpaka "Jumamosi tutafagia", mvua inakisambaza, kinyesi hakionekani tena na mayai yamebaki. Koleo dogo, ndoo yenye mfuniko, na kumwaga kwenye choo cha shimo au shimo lenye kina cha nusu mita lililo mbali na tuta la mchicha. Kamwe kisiwe mbolea. Mwanao ashike koleo, anawe kwa sabuni, akale. Dawa ya minyoo kwa mbwa mkubwa ni kila miezi 3, kipimo kwa uzito, na anayempa ni wewe.

Kupe ni kazi nzuri ya mtoto, na kusema kweli ndiyo inayowaunganisha. Kila jioni dakika 5, vidole vinapita taratibu: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Kupe mdogo anahisiwa kama punje ya ulezi iliyogandamana na ngozi. Akimkuta amwite mtu mzima, ang'olewe kwa kibano karibu na ngozi na kuvutwa wima, asikamuliwe kwa kucha. Kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za kuta na mbao za banda, kwa hiyo ukiona wengi mbwani, tibu na banda. Ila usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuikadiria kwa kifuniko. Aina zenye amitrazi zikizidi kipimo humlegeza mbwa, anayumba na mapigo ya moyo yanashuka. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, ufuate uzito.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Kadi ya huyo mkubwa uione kwa macho yako. Kama hana kadi, achanjwe kabla ya kuvuka geti lenu. Watoto wote wawili wajue hivi: mbwa yeyote akiwauma au kuwakwaruza, hata huyu wa nyumbani, hata kama ni kidogo, waseme saa hiyohiyo bila kuogopa kuchapwa. Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku ileile. Mbwa hafukuzwi wala hauawi, anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakitibiki, kwa hiyo hapo hakuna "tusubiri kidogo". Na wa miaka 3 asiachwe na mbwa bila mtu mzima, hata dakika ya kufuata uzi ndani. Watoto wengi huumwa na mbwa wanaowajua, tena usoni, kwa sababu uso wa mtoto uko kimo kimoja na mdomo wa mbwa.

Sasa, kabla ya kumfuata mbwa yeyote, fanyeni jaribio la siku 28 bila mbwa. Liwe wakati shule zimefunguliwa. Likizo ya Juni haifai, likizoni kila mtoto ni mfugaji. Mwanao kila asubuhi saa 12 kasoro robo anaosha bakuli, analijaza maji, analiweka kivulini. Jioni anamwaga, anajaza tena, anafagia kona ya uwanja mliyoichagua kwa koleo na ndoo vilevile vya baadaye, kisha anatembea dakika 20, mvua inyeshe isinyeshe. Wewe kila usiku unapika sufuria ya mbwa. Ndiyo, kwa kweli. Huenda jirani mwenye watoto wa mbwa akakipokea chakula hicho kwa furaha.

Sharti moja: mama hakumbushi. Wala wewe hupigi simu kutoka Himo. Kalenda iko ukutani, aliyefanya anatia alama yake, mama anaikagua usiku bila maneno. Kukumbusha ni kazi, tena ndiyo inayochosha kuliko kulisha, na kama anakumbusha yeye sasa atakumbusha miaka 10. Kwa kipimo changu, mtoto akikosa siku 4 au pungufu kati ya 28, ameweza. Wiki ya kwanza haitakuambia kitu. Tazama wiki ya 3, ndipo mambo mapya huchakaa. Siku zako wewe zihesabiwe kwa ukali zaidi: ukikosa kupika mara 3, jaribio limeshindwa, kwa sababu mtoto akikosa unamfidia wewe, lakini ukikosa wewe anafidia mama.

Wakati huo mwombe mke wako aandike vitu 3 ambavyo hatafanya kamwe, na msivijadili. Pengine ni kinyesi, sufuria, na mbwa kuingia chumba cha kushonea. Hivyo vinakuwa sheria za nyumba. Kama sababu yake ni ya dini, au kifua kinachobana akikaa karibu na manyoya, aiseme mapema, maana hesabu zangu zote hizi hazigusi hayo na jaribio halitayabadilisha. Na baada ya siku 28 akisema bado hapana, iwe hapana. Mbwa hukaa na mtu asiyemtaka mchana kutwa, na huyo ndiye anayemfungia mnyororo.

Yamebaki mawili. Mbwa wa miaka 2 anaweza kuishi mingine 10 pamoja nanyi. Mwanao yuko darasa la 5. Si muda mrefu atakuwa kwenye kambi ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kisha bweni. Kalenda ile ya ukutani itabaki na jina lako peke yake, kwa hiyo mchague mbwa ambaye wewe mwenyewe ungependa kumkuta getini saa 2 usiku.

La pili ni Desemba. Mkipanda kijijini kwa Krismasi wiki 2, nani anamlisha? "Tutamwachia jirani" si mpango mpaka jirani amekubali, ameachiwa unga na dagaa waliopimwa kwenye mifuko ya siku, na mbwa amemzoea kwa kulishwa naye mara kadhaa Novemba. Mkimchukua, akae kwenye uzio huko juu au afungwe kamba ndefu kivulini usiku na mchana kwa siku 2 za mwanzo. Mbwa aliyehamishwa hutoroka kutafuta kwao, na kutoka migombani mpaka Pasua ni mbali.